Faili Limefutwa, Jina Limebaki: Ndani ya Jedwali la NTFS

Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya kwenye Windows, akamwaga na Recycle Bin juu yake, kisha akaendesha programu ya kurejesha mafaili, kinachomchanganya kwanza mara nyingi ni majina. Alikuwa akitafuta `Mkataba wa pango.docx`. Kwenye orodha anaona `$RK3F9QZ.docx`, mahali pengine `$IK3F9QZ.docx`, halafu mengine mengi ya sura hiyohiyo. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani programu imevuruga mambo. Haijavuruga kitu. Imesoma kilichoandikwa kwenye diski kama kilivyo, na anayejua kimeandikwa wapi anaweza kulirudisha jina la asili bila kubahatisha.

Tuanze na mahali penyewe. NTFS ndio mfumo wa mafaili wa Windows tangu Windows NT ilipotoka mwaka 1993, na kiini chake ni faili moja lililojificha linaloitwa `$MFT`, yaani jedwali kuu la mafaili. Kila faili na kila folda iliyomo kwenye diski ina rekodi yake humo. Kwa kawaida rekodi moja ina baiti 1024, na kila rekodi ina namba. Rekodi namba 0 ni ya jedwali lenyewe, namba 5 ni folda ya mwanzo, ile tunayoiona kama `E:\`, na rekodi za mafaili yetu huja baada ya zile chache za mwanzo ambazo mfumo umejitengea.

Ukiifungua rekodi kwa programu inayoonyesha baiti moja moja, nne za kwanza husomeka hivi:

```
46 49 4C 45    F I L E
```

Neno hilo `FILE` ndilo alama ambayo programu za kurejesha huitafuta. Baada yake kuna kichwa kifupi cha rekodi, kisha vipande vinavyofuatana. Kuna kipande chenye tarehe na ruhusa. Kuna kipande kiitwacho `$FILE_NAME`, chenye jina la faili pamoja na namba ya rekodi ya folda lilimowekwa. Kuna kipande kiitwacho `$DATA`, ambacho ama kina maudhui yenyewe, ama kinaeleza maudhui yako wapi kwenye diski. Faili dogo sana, la takriban baiti 700 kushuka chini, huingia lote ndani ya rekodi yake. Kubwa zaidi ya hapo hukaa nje, na rekodi hubaki na anwani tu.

Jina, kwa hiyo, limeandikwa mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye rekodi ya faili lenyewe. Pa pili ni kwenye orodha ya folda, ile ambayo Windows huisoma unapofungua folda ili ikuonyeshe kilichomo. Faili likifutwa moja kwa moja, kwa mfano kwa Shift na Delete, jina huondolewa kwenye orodha ya folda, ndiyo maana hulioni tena. Kwenye rekodi halifutwi. Windows hubadilisha pale vitu vichache tu. Kwenye baiti ya 22 ya rekodi kuna alama inayosema kama rekodi inatumika, na alama hiyo hugeuzwa kutoka 1 kuwa 0. Kwenye baiti ya 16 kuna hesabu inayoeleza rekodi hii imeshatumiwa mara ngapi, nayo huongezwa moja. Halafu, kwenye ramani mbili zilizo pembeni, moja ya rekodi na nyingine ya nafasi za diski, huandikwa kwamba nafasi hizo sasa ziko wazi.

Kwa maneno mengine, baada ya kufuta, rekodi bado ina jina zima, herufi kubwa na ndogo, nafasi kati ya maneno, tarehe, ukubwa na anwani ya maudhui. Katika hili NTFS ni karimu kuliko FAT32 ya flashi nyingi, ambako faili likifutwa jina lake fupi hupoteza herufi ya kwanza na mnyororo wa anwani zake hufutwa kabisa.

Programu ya kurejesha inachofanya sasa ni rahisi kueleza. Inasoma `$MFT` kuanzia rekodi ya kwanza hadi ya mwisho, inaziacha zenye alama 1, na zile zenye 0 inazifungua kutafuta kipande cha jina. Haina uchawi wowote na haihitaji kupekua diski nzima, ndiyo maana upekuzi wa haraka humalizika kwa dakika chache hata kwenye diski kubwa. Jedwali lenyewe, likishakua, kwa kawaida halipungui. Mafaili elfu hamsini yakifutwa, rekodi zao elfu hamsini zinabaki palepale zikisubiri wapangaji wapya.

Turudi kwenye mkataba wetu. Tuseme lilikuwa faili la baiti 46,080 kwenye diski ya nje ya NTFS, ndani ya `E:\Kazi`, na rekodi yake ni namba 41873. Kwenye kipande cha `$DATA` cha rekodi hiyo tunakuta baiti hizi:

```
31 0C 20 A1 07 00
```

Baiti ya kwanza, 31, husomwa tarakimu moja moja. Ile 1 inasema urefu umeandikwa kwa baiti moja, na ile 3 inasema anwani imeandikwa kwa baiti tatu. Urefu ni 0C, yaani 12. Anwani ni 20 A1 07, ambayo husomwa kutoka nyuma kwenda mbele: 07A120, na hiyo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 500,000. Ile 00 ya mwisho inasema hakuna kipande kingine. Kwa hiyo mkataba umelala kwenye klasta 12 mfululizo kuanzia klasta namba 500,000. Klasta moja hapa ni baiti 4096, na klasta 12 ni baiti 49,152. Faili halikuzijaza zote, na programu nzuri hukata ziada kwa kutumia ukubwa halisi ulioandikwa kwenye rekodi hiyohiyo. Hivyo ndivyo programu inavyojua pa kwenda kuchota, na ndivyo inavyojua faili linaitwaje.

Lakini mkataba huu haukufutwa moja kwa moja. Mwenyewe alibonyeza Delete, faili likaenda Recycle Bin, kisha wiki iliyofuata akaimwaga. Hapa ndipo jina lilipobadilika. Kulipeleka faili kwenye Recycle Bin, kwa macho ya NTFS, ni kulihamisha na kulibadilisha jina. Rekodi inabaki ileile 41873, na maudhui hayasogei hata klasta moja. Kinachoandikwa upya ni kipande cha `$FILE_NAME`. Folda inakuwa ile iliyofichwa iitwayo `$RECYCLE.BIN`, ndani yake ikiwa na folda ndogo ya kila mtumiaji, na jina linakuwa `$R`, kisha herufi na tarakimu sita za kubahatisha, kisha kiishio kilekile cha `.docx`. Jina la zamani linaandikwa juu. Siku ya kumwaga, rekodi inawekewa alama 0 ikiwa tayari imevaa jina la kubandikwa.

Jina la asili limehamia wapi? Windows huliandika kwenye faili la pili, dogo, lenye herufi sita zilezile ila linaanza na `$I`. Faili hili lipo ili mtu akibonyeza Restore, Windows ijue pa kulirudisha lile la kwanza. Tangu Windows 10, ndani yake mna vitu vitano: namba ya toleo, ukubwa wa faili la asili, tarehe na saa ya kufutwa, urefu wa njia, na njia yenyewe. Kwa mkataba wetu husomeka hivi, tukiacha baiti nane za tarehe:

```
02 00 00 00 00 00 00 00     toleo 2
00 B4 00 00 00 00 00 00     46080
(baiti 8 za tarehe)
1E 00 00 00                 30
45 00 3A 00 5C 00 4B 00     E : \ K ...
```

Zile 30 ni herufi za `E:\Kazi\Mkataba wa pango.docx`, ambazo ni 29, pamoja na alama moja ya kumaliza. Kila herufi inachukua baiti mbili. Jumlisha zote, faili la `$I` lina baiti 88 tu. Faili la baiti 88 linaingia lote ndani ya rekodi yake kwenye `$MFT`, na hili ni jambo la heri kwa anayetafuta, kwa sababu rekodi ikiwa nzima, jina la asili nalo ni zima, bila kujali kilichotokea kwenye klasta za nje. Ni kutafuta tu `$I` yenye herufi sita zinazofanana na `$R` yako na kuzisoma pamoja. Programu nyingine hufanya hivyo zenyewe na kukuonyesha jina la asili. Nyingine hukuachia kazi hiyo. Tarehe, kwa njia, huhifadhiwa kwa saa za dunia, hivyo ukiisoma moja kwa moja ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, ongeza saa tatu.

Hali ni tofauti kidogo mtu akifuta folda nzima. Akiipeleka `Kazi` yote kwenye Recycle Bin, folda ndiyo inayopewa jina la `$R`. Mafaili yaliyomo hayaguswi. Kila moja linabaki na jina lake kwenye rekodi yake. Baada ya kumwaga, programu itaonyesha `Mkataba wa pango.docx` kwa jina kamili, ila litaonekana liko ndani ya folda yenye jina kama `$R7TQ2MB`. Kwa hiyo anayekwambia kwamba alifuta folda nzima, mtafutie jina moja kwa moja. Anayesema alifuta faili moja moja, mtafutie `$I` kwanza.

Njia ya folda inastahili tuitazame kwa karibu, maana hapa programu dhaifu huongopa. Rekodi ya faili haina njia nzima iliyoandikwa. Ina namba ya rekodi ya folda mzazi tu, na hiyo folda nayo ina ya mzazi wake, hadi kufika rekodi namba 5. Programu hupanda ngazi hiyo mmoja baada ya mwingine na kuijenga njia. Sasa, kama folda nayo ilifutwa, na rekodi yake ikapewa folda nyingine mpya, programu itapanda hadi kwa mzazi asiye wake. Kinga yake ni ile hesabu ya baiti ya 16. Faili halitunzi namba ya mzazi peke yake, linatunza na hesabu yake. Tuseme faili linasema mzazi wangu ni rekodi 52, matumizi ya 3. Ukiikuta rekodi 52 ina 4 na alama ya kufutwa, inaeleweka: ni folda ileile, imeongezewa moja ilipofutwa. Ukiikuta ina 4 na inatumika, huyo ni mpangaji mpya, na mzazi wa faili lako hayupo tena. Programu makini, kama The Sleuth Kit ya Brian Carrier, hulitenga faili la namna hiyo kwenye kundi la yatima, `$OrphanFiles`. Programu isiyoangalia hesabu itakuambia bila haya kwamba mkataba ulikuwa ndani ya folda ya muziki. Nyumbani hilo ni kero tu. Mahakamani, ambako mtu anaweza kuulizwa faili hili lilikuwa kwenye folda ya nani, ni kosa zito.

Ubaya mwingine ni kwamba jina na maudhui havifi pamoja. Rekodi inaweza kuwa nzima ilhali klasta zimeshaandikwa kitu kingine. Programu nyingi huonyesha asilimia au rangi ya kijani, na binafsi naona hakuna kinachodanganya watu kama asilimia hiyo. Mara nyingi huhesabiwa kwa kuangalia ramani ya nafasi: je, klasta 500,000 hadi 500,011 ziko wazi sasa hivi? Zikiwa wazi zote, inaandika 100. Haijui kama katikati ya wiki faili jingine lilikaa pale kisha likafutwa. Dalili yake ni faili kurudi na jina sahihi, ukubwa sahihi, na Word kukataa kulifungua. Liangalie baiti zake. Faili la `.docx` huanza na `50 4B`, ambazo ni herufi PK. Ukikuta mwanzo mwingine, umeletewa mali ya mtu mwingine ndani ya bahasha yako.

Ukikuta 00 tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara nyingi sababu ni SSD. Tangu Windows 7, mfumo ukifuta faili kwenye SSD huiambia diski kwa amri ya TRIM kwamba klasta fulani hazihitajiki tena, na SSD nyingi baada ya hapo hurudisha sifuri ukizisoma, kisha huzisafisha kwa wakati wao. Amri hiyo haiigusi rekodi ya faili, kwa kuwa rekodi ni sehemu ya `$MFT`, na `$MFT` ni faili hai ambalo halijafutwa. Matokeo yake ni orodha ndefu na nzuri ya majina, kila moja na ukubwa wake, na ndani hamna kitu. Mafaili madogo yaliyokaa ndani ya rekodi husalimika, pamoja na zile `$I`. Ukitaka kujua kama kompyuta yako inatuma TRIM, andika hivi. Jibu la 0 linamaanisha inatuma:

```
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
```

Upande wa pili nao upo: maudhui yamebaki lakini rekodi imechukuliwa. Windows ikihitaji rekodi kwa ajili ya faili jipya, hupendelea zilizo wazi kuliko kulirefusha jedwali, na kwa kawaida huanzia namba za chini. Kwenye `C:` hilo hutokea kila dakika, maana kivinjari na Windows yenyewe huzalisha mafaili madogo ya muda bila kukoma. Rekodi ikishapewa faili jingine, kinachobaki ni programu kama PhotoRec, inayopekua klasta ikitafuta sura ya picha au waraka bila kutazama jedwali. Hiyo hukuletea picha zako zikiwa na majina kama `f0512344.jpg`, kwa sababu jina halikuwahi kuandikwa ndani ya picha. Hapo, kwenye `C:`, fundi mjuzi huangalia pia `$UsnJrnl`, daftari ambamo Windows huandika mabadiliko ya mafaili. Faili linapobadilishwa jina kwenda Recycle Bin, daftari hilo hupokea jina la zamani na jipya pamoja na namba ya rekodi. Hukupa jina, halikupi maudhui, na kurasa zake za zamani hukatwa kadiri mapya yanavyoingia.

Kwa vitendo, basi, jambo la kwanza ni kuacha kuitumia diski. Kuipakua programu ya kurejesha na kuiweka kwenye diski ileile ni kuandika mafaili mapya juu ya rekodi unazozitafuta. Kama ni diski ya kompyuta yenyewe, izime, itoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine. Kwenye Linux, `ntfsundelete` inaonyesha wazi kile inachokisoma. Kwanza tafuta, ukiweka alama za nukuu ili `$` isisomwe vingine:

```
ntfsundelete /dev/sdb1 --scan --match '$I*'
ntfsundelete /dev/sdb1 --scan --match '$R*.docx'
```

Orodha itakuonyesha namba ya rekodi, kisha herufi za sifa, ambapo R ni maudhui yaliyo ndani ya rekodi na N ni yaliyo nje, kisha asilimia, tarehe, ukubwa na jina. Ukishaoanisha `$I` na `$R` na kuijua namba, chota faili na kuliweka kwenye diski nyingine:

```
ntfsundelete /dev/sdb1 --undelete --inodes 41873 \
  --truncate --output mkataba.docx --destination /media/okoa
```

Kwenye Windows 10 ya toleo la 2004 na kuendelea kuna programu ya Microsoft yenyewe, `winfr`, nayo hukataa kuandika kwenye diski ileile inayookolewa:

```
winfr E: D:\Okoa /regular /n *.docx
```

Haya yote yana sura nyingine kwa anayeuza au kugawa kompyuta yake. Kumwaga Recycle Bin kunamwachia mnunuzi orodha ya majina: mikataba, majibu ya hospitali, barua za kuomba kazi, hata pale maudhui yenyewe yamekwisha. Kumbadilisha jina faili kwa mkono kabla ya kulifuta husaidia kidogo, kwa sababu kipande cha `$FILE_NAME` huandikwa upya. Programu ya SDelete ya Microsoft hufanya hivyo kwa bidii zaidi: inalibadilisha jina la faili mara 26, kutoka A hadi Z, kabla ya kulifuta. Ukiiagiza isafishe nafasi wazi hujaza pia rekodi zilizo wazi kwa mafaili madogo, ingawa watengenezaji wake wanakiri kwamba majina ya mafaili yaliyokwisha kufutwa yanaweza kusalia kwingineko. Format ya haraka haitoshi: inaandika jedwali jipya fupi na kuacha rekodi nyingi za zamani zikiwa palepale, na programu itazikuta kwa neno lile `FILE`. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka ifanyie format kamili, ambayo tangu Windows Vista huandika sifuri kila mahali. SSD itumie amri ya kufuta ya mtengenezaji wake. Fanya hivyo kabla ya kumkabidhi mtu, si baada.